Chumvi Inapoficha Risasi

Wakemia wawili wanapewa mfuko mmoja wa chumvi ya bahari na kuulizwa swali moja: ina risasi kiasi gani? Wanapima siku moja, kwa mashine moja, kwa kemikali za chupa moja. Wa kwanza anaandika miligramu 0.31 za risasi kwa kila kilo ya chumvi. Wa pili anaandika 0.61. Mizani haikumdanganya yeyote kati yao, na mashine haina ubovu. Walichotofautiana ni jinsi kila mmoja alivyoiandaa mashine kabla ya kuisoma.

Namba hizi nimezipanga kwa ajili ya maelezo, si za chumvi ya Lindi wala ya Malindi. Ila tofauti ya namna hiyo hutokea kweli, na chumvi ni mahali pazuri pa kuionea, kwa sababu ni kitu kigumu sana kwa mashine zinazopima madini machache ndani ya vitu vingi.

Mashine moja inayotumika kwa kazi hii huitwa tanuru ya grafaiti. Ni kibomba kidogo cha kaboni, kifupi kuliko kidole cha mwisho, ambacho hupashwa moto kwa umeme huku gesi ya agoni ikipita ili kaboni isiungue. Tone la myeyusho wa sampuli, kwa kawaida mikrolita 20 hivi, hudondoshwa ndani yake. Kisha joto hupandishwa kwa ngazi. Kwenye nyuzi 110 au 120 maji hukauka. Kwenye mia kadhaa, uchafu mwepesi huungua na kuondoka. Halafu kibomba kinapigwa ghafla hadi karibu nyuzi 1,800 au 2,000, na risasi iliyobaki inageuka kuwa wingu la atomi moja moja. Mwanga wa taa maalumu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 283.3, unapita katikati ya wingu hilo. Atomi za risasi hunyonya mwanga huo, na mashine hutoa namba inayoonyesha ni kiasi gani kimenyonywa.

Hapo ndipo watu wengi hupitiwa. Mashine haikupi risasi. Inakupa mnyonyo wa mwanga. Ili mnyonyo ugeuke kuwa mikrogramu, lazima kwanza uionyeshe mashine myeyusho ambao kiasi chake cha risasi unakijua. Njia ya kawaida ni kutengeneza miyeyusho kadhaa ya risasi katika maji safi yenye asidi kidogo ya nitriki, kwa mfano mikrogramu 5, 10 na 15 kwa lita, kuisoma, na kuchora mstari. Tuseme kwenye maji hayo safi kila mikrogramu moja kwa lita inatoa 0.008. Basi sampuli ikisoma 0.025, unagawanya kwa 0.008 na kupata 3.1. Mkemia wa kwanza alifanya hivyo hasa.

Hesabu yake haina kosa. Kosa liko kwenye dhana aliyoibeba bila kuisema: kwamba atomi ya risasi iliyo ndani ya maji ya chumvi hutoa usomaji sawa na iliyo ndani ya maji safi. Kwenye chumvi haiko hivyo. Risasi ikikutana na kloridi hutengeneza kloridi ya risasi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 950 na huanza kutoroka kama mvuke mapema zaidi ya hapo. Ngazi ya kuunguza uchafu ikiwekwa juu kidogo, sehemu ya risasi imeshaondoka na gesi ya agoni kabla taa haijaulizwa chochote. Hata ile inayobaki hadi moto mkali, baadhi yake hushikana tena na klorini hewani ndani ya kibomba, na molekuli haziunyonyi mwanga ule jinsi atomi huru zinavyounyonya. Chumvi haijala risasi, imeipunguzia sauti.

Vitu hivyo vingine vyote vilivyo kwenye sampuli pamoja na kile unachokitafuta, wakemia huviita matriki. Maji ya mto yana matriki hafifu. Mkojo, damu, mchuzi, udongo uliomenywa na asidi na chumvi ya bahari vina matriki nzito. Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kutengeneza maji bandia yanayofanana na sampuli, yaani kuchukua chumvi safi isiyo na risasi na kuitumia kama msingi wa miyeyusho ya ulinganisho. Inafaa pale unapoijua sampuli yako. Lakini chumvi inayovunwa kwenye majaruba ya pwani huwa na magnesiamu, salfeti, potasiamu na tope kwa viwango vinavyobadilika kutoka jaruba moja hadi jingine. Ya Uvinza hutoka kwenye chemchemi na ya Katwe kule Uganda hutoka ziwani. Huwezi kumtengenezea kila mmoja pacha wake.

Mkemia wa pili aliacha kumtafuta pacha. Aliitumia sampuli yenyewe kuwa kipimo chake.

Wazo lake ukilipeleka sokoni linakuwa hivi. Una mzigo wa karanga, na mizani iliyopo inapunja, wala hujui inapunja kiasi gani. Mfukoni una jiwe la kilo moja lililothibitishwa. Weka karanga, soma: mizani inasema kilo tatu. Ongeza jiwe juu ya karanga zilezile: inasema tatu na nusu. Kilo yako ya kweli imesomwa nusu, kwa hiyo karanga nazo zimesomwa nusu, na mzigo ni kilo sita. Hukuitengeneza mizani wala hukuhitaji kujua ndani yake kumeharibika nini. Kumbuka tu kwamba jiwe liliwekwa pamoja na karanga, si peke yake kwenye sahani tupu.

Wakemia huiita mbinu ya nyongeza sanifu. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuieleza kwenye kitabu ni Hans Hohn, mkemia wa mambo ya migodi, mwaka 1937. Yeye hakuwa na tanuru ya grafaiti. Alitumia polarografu, chombo cha polarografia, mbinu iliyobuniwa na Jaroslav Heyrovský huko Prague mwaka 1922, ambayo hupima mkondo wa umeme kwenye matone ya zebaki. Mashine zimebadilika tangu hapo, lakini tatizo la matriki likazifuata zote, na mbinu nayo ikahama pamoja nalo.

Sasa twende mezani. Mkemia wetu anapima gramu 2 za chumvi, anaziyeyusha kwenye maji yaliyotiwa asidi kidogo ya nitriki, anachuja mchanga, na kujaza hadi mililita 100. Anachukua chupa nne za ujazo wa mililita 10. Katika kila moja anatia mililita 5 za maji hayo ya chumvi, kwa pipeti ileile. Kisha analeta myeyusho wa risasi wenye mikrogramu 100 kwa lita. Chupa ya kwanza haipati kitu. Ya pili inapata mililita 0.5, ya tatu 1.0, ya nne 1.5. Zote anazijaza kwa maji yale yenye asidi hadi alama ya mililita 10.

Ujazo huo wa mwisho usipuuzwe. Kila chupa sasa ina chumvi kiasi kilekile hasa, na kilichobadilika ni risasi iliyoongezwa peke yake: sifuri, 5, 10 na 15 mikrogramu kwa lita. Mtu akimimina nyongeza bila kusawazisha ujazo, chupa ya nne itakuwa na maji mengi zaidi na chumvi hafifu zaidi kuliko ya kwanza, upunjaji utatofautiana kutoka chupa hadi chupa, na kazi yote inakuwa bure.

Tanuru inasoma 0.025, halafu 0.044, halafu 0.063, halafu 0.085. Mkemia anachora: nyongeza kwenye mstari wa chini, usomaji kwenda juu. Nukta nne zinajipanga karibu sawasawa, na mstari unaozipita vizuri zaidi unapanda 0.00398 kwa kila mikrogramu na kuukata mhimili wa usomaji kwenye 0.0244. Hapa tayari kuna habari. Katika maji safi mwinuko ulikuwa 0.008, ndani ya chumvi ni nusu yake. Chumvi hii inapunja asilimia 50.

Kisha anauendeleza mstari huo kushuka kushoto mpaka uguse sifuri ya usomaji. Unagusa kwenye hasi 6.1. Maana yake ni rahisi: ili usomaji uishe kabisa, ingebidi uondoe mikrogramu 6.1 kwa lita, kwa hiyo hizo ndizo zilizokuwamo kabla hujaongeza chochote. Kwa hesabu, ni 0.0244 kugawanya kwa 0.00398. Kila chupa ilikuwa na nusu ya maji ya chumvi, kwa hiyo myeyusho wa asili una mikrogramu 12.2 hivi kwa lita. Katika mililita 100 hizo ni mikrogramu 1.22, zilizotoka kwenye gramu 2 za chumvi. Jibu ni mikrogramu 0.61 kwa gramu, ambayo ni sawa na miligramu 0.61 kwa kilo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini chupa nne wakati sokoni jiwe moja lilitosha. Angalia chupa mbili za kwanza peke yake: kutoka 0.025 hadi 0.044 ni tofauti ya 0.019, mwinuko 0.0038, na jibu linakuwa 6.6 badala ya 6.1. Tetemeko la 0.001 tu kwenye usomaji limelisogeza jibu kwa karibu asilimia nane. Hili ni kwa sababu jibu linatafutwa nje ya eneo ulilopima. Ukiendeleza mstari hadi mahali ambapo huna nukta, kosa dogo la mwinuko linakua njiani. Ndiyo maana nyongeza zisiwe haba: ya kwanza ikaribiane na kiasi unachokisia kimo, na ya mwisho iwe mara mbili au tatu yake.

Wala usizidishe. Mnyonyo wa mwanga hupanda kwa mstari ulionyooka kwenye viwango vya chini tu. Juu zaidi huanza kulegea na kupinda. Nukta ya mwisho ikiwa kwenye sehemu iliyopinda, itavuta mwinuko chini, mstari ulioendelezwa utaenda mbali zaidi kushoto, na utaripoti risasi nyingi kuliko iliyopo. Kosa hili linaonekana kwa macho: nukta ya nne hukaa chini ya mstari wa zile tatu. Mimi nisingeamini jibu la nyongeza sanifu ambalo mchoro wake sijaonyeshwa.

Lipo kosa jingine lisiloonekana kabisa kwenye mchoro, na ndilo lililowapoteza wengi. Rudi kwenye ile mizani. Tuseme haipunji kwa uwiano, bali mshale wake unaanzia nusu kilo hata sahani ikiwa tupu. Ukiongeza jiwe la kilo moja, mshale utapanda kilo moja kamili. Jiwe litakuambia kila kitu ni salama, na ile nusu kilo ya bure itabaki kwenye hesabu yako.

Chumvi hufanya hivyo pia. Inapopigwa moto mkali hutoa moshi mzito wa kloridi ya sodiamu, na moshi huo hutawanya na kunyonya mwanga wa taa bila kujali risasi ipo au haipo. Tuseme kipande cha moshi chenye thamani ya 0.010 kimepita bila kuondolewa. Nukta zote nne zinapanda kwa 0.010. Mstari unabaki umenyooka vilevile, mwinuko haubadiliki hata chembe, na jibu linaruka kutoka 0.61 hadi 0.86. Hakuna chochote kwenye karatasi kitakachokushtua.

Kwa hiyo moshi lazima ushughulikiwe kabla ya nyongeza kuanza. Mashine nzuri zina njia ya kuupima moshi peke yake na kuutoa, kwa taa ya pili ya deuteriamu au kwa sumaku inayoigawanya rangi ya atomi ya risasi. Lakini nazo huzidiwa moshi ukiwa mwingi mno, kwa hiyo mkemia makini huifukuza chumvi kwanza. Njia ya zamani na nzuri ni kuongeza nitreti ya amonia kwenye tone. Inabadilishana na chumvi: sodiamu inachukua nitreti, kloridi inachukua amonia, na kloridi ya amonia huyoyoma chini ya nyuzi 400, wakati risasi bado imetulia kwenye ukuta wa kibomba. Kloridi ikiondoka mapema, moshi unapungua na upunjaji nao unapungua. Kisha unaangalia kwenye skrini kilele cha moshi kikoje. Ukikuta ni kirefu mara nyingi kuliko kilele cha risasi, usiendelee. Punguza chumvi kwenye tone au rekebisha ngazi za joto.

Kipimo tupu nacho kina mtego wake. Asidi, maji na chupa zenyewe huwa na chembe za risasi, hivyo hutengenezwa chupa isiyo na chumvi na kupimwa. Tuseme inasoma 0.004. Ukiitoa moja kwa moja kwenye usomaji wa sampuli, 0.0244 inakuwa 0.0204, na jibu linashuka hadi 5.1. Lakini ile 0.004 ilisomwa kwenye maji safi ambako hakuna upunjaji. Huko ni sawa na mikrogramu 0.5 tu kwa lita. Kinachotolewa ni mikrogramu, si usomaji: 6.1 kutoa 0.5 ni 5.6. Kila myeyusho ugeuzwe kuwa mikrogramu kwa mstari wake wenyewe kabla ya kutoa.

Na jiwe lazima lifanane na mzigo. Risasi anayoiongeza mkemia iko tayari kwenye maji, huru, ndani ya asidi. Risasi ya sampuli inaweza kuwa imejifungia ndani ya punje ya mchanga au tope la jaruba. Hiyo haitapunjwa kama ile ya nyongeza, kwa kuwa haikufika kwenye kibomba kabisa. Ilibaki kwenye karatasi ya kuchujia. Mbinu hii inasahihisha yanayotokea kwa kitu kilichokwisha kuyeyuka. Haijui lolote kuhusu kilichopotea kabla. Anayetaka risasi yote ya chumvi, pamoja na iliyo kwenye tope, lazima aichemshe sampuli kwa asidi kali kwanza, na nyongeza aitie mwanzoni kabla ya kuchemsha, ili nayo ipitie misukosuko ileile.

Njia moja rahisi ya kujipima ni kurudia kazi nzima na maji ya chumvi yaliyozimuliwa nusu. Upunjaji utakuwa mdogo zaidi, kwa hiyo mwinuko utapanda, labda kutoka 0.004 hadi 0.006. Jibu la mwisho kwa kilo ya chumvi halitakiwi kusogea zaidi ya tetemeko la kawaida. Likihama, upunjaji si wa uwiano kama mbinu inavyodai. Likitulia umepata faraja kiasi, ingawa si kamili, kwa sababu moshi nao hupungua nusu pamoja na chumvi na unaweza kukuletea jibu lilelile la uongo mara mbili.

Kwa nini basi maabara zisifanye hivi kila siku? Gharama. Kila tone ndani ya tanuru huchukua dakika mbili au tatu, na kila chupa husomwa mara mbili au tatu. Chupa nne kwa sampuli moja ni robo saa hadi zaidi ya nusu saa, na kibomba cha grafaiti kina umri wake, huchakaa kwa kila moto, haraka zaidi kwenye chumvi. Mwenye sampuli arobaini anapiga hesabu na kurudi kwenye maji safi. Wengine wana njia ya kati iliyo ya haki: wanachukua sampuli moja ya kila aina, wanafanya nyongeza, na kulinganisha miinuko. Ikiwa mwinuko wa sampuli na wa maji safi umetofautiana kwa asilimia chache tu, mstari wa kawaida unatosha na hakuna haja ya kujitesa. Ikiwa ni nusu, kama kwenye chumvi yetu, hakuna njia ya mkato.

Ikiwa unauza chumvi au unanunua kwa ajili ya kiwanda, na cheti cha maabara kinaonyesha risasi iko chini ya kikomo, usiishie kwenye namba. Uliza mwinuko wa mstari ndani ya sampuli ulikuwa asilimia ngapi ya mwinuko kwenye maji safi, na moshi uliondolewaje. Maabara iliyofanya kazi yake itakujibu siku hiyohiyo, kwa sababu namba zote mbili zimo kwenye daftari lake.